UZI: Mradi wa IRR 23.4% umeniachia hela kidogo kuliko wa 20.5%. MIRR inatibu nini hapa?

#1 KichwaKinagoma

Wakuu habari za muda huu. Naombeni msaada, kichwa kinagoma kweli.

Ofisini kuna miradi miwili na hela inatosha mmoja tu. Yote inaanza na 1,000 (zidisheni kwa maelfu au mamilioni mtakavyo). Mradi A unarudisha 500 kila mwaka kwa miaka 3. Mradi B mwaka wa 1 na wa 2 hauleti kitu, halafu mwaka wa 3 unaleta 1,750 kwa mpigo. IRR ya A ni 23.4%, ya B ni 20.5%. Bosi kasema A, kikao kikafungwa, watu wakanyanyuka.

Sasa usiku nikakaa nikapiga hesabu ya kizamani kwenye karatasi. Hizo 500 za A zikiingia tunaziweka mahali panapotupa 10%, ndiyo tunayopataga siku zote. Ya mwaka wa kwanza inakaa miaka 2 inakuwa 605, ya pili inakuwa 550, ya tatu ni 500 yenyewe. Jumla 1,655. B inanipa 1,750. Yaani mwenye IRR ndogo ndiye anayeniachia hela nyingi!! Nasikia kuna kitu kinaitwa MIRR kinarekebisha hili. Kinarekebishaje, na ile 23.4% ilikuwa inanidanganya wapi?

#2 MzeeWaAsilimia

Simple tu mdogo wangu. IRR inajifanya kila hela inayorudi unaiwekeza tena kwa kiwango kilekile cha mradi. Yaani zile 500 zako inazihesabu kama zimepata mahali pengine penye 23.4%. Nani anapata mahali kama hapo kila mwaka? MIRR inaondoa hiyo ndoto, kwa hiyo siku zote MIRR ni ndogo kuliko IRR. Ni IRR iliyokatwa tamaa. Uzi ufungwe.

#3 DadaWaMakadirio

Uzi usifungwe kwanza 😄 Mzee hapo mwanzo uko sawa, ila hiyo "siku zote ni ndogo" siyo. Nitarudi hapo.

KichwaKinagoma, cha kuchekesha ni kwamba MIRR umeshaipiga mwenyewe usiku ule, umeishia hatua moja kabla ya mwisho. Ulichofanya ni kuchukua kila hela iliyoingia na kuisukuma mpaka mwaka wa mwisho kwa riba unayoipata kweli, ukapata 1,655. Sasa jiulize hivi: ni riba gani moja ya mwaka ingeitoa 1,000 ya leo mpaka 1,655 baada ya miaka 3? Gawa 1,655 kwa 1,000, tafuta kipeo cha tatu cha jibu, toa 1. Inakuja 18.3%. Hiyo ndiyo MIRR ya A. B haina hela ya katikati ya kuwekeza tena, kwa hiyo IRR na MIRR yake ni kitu kimoja, 20.5%. B juu, A chini, na inakubaliana na karatasi yako.

Kwa Excel, weka mtiririko wa A kwenye B2 mpaka B5, ukianza na -1000, halafu:

```
=MIRR(B2:B5, 10%, 10%)
```

Hiyo 10% ya kwanza ni finance_rate, ya pili ni reinvest_rate. Usizichanganye.

Sasa kwa Mzee. Kwa mradi huu A, reinvest_rate ukiiweka 0%, yaani hela umezifungia kabatini, MIRR ni 14.5%. Ukiweka 10% ni 18.3%. Ukiweka ileile 23.4% unapata 23.4%, MIRR na IRR zinakutana. Ukipata pa kuweka kwa 30%, MIRR inapanda mpaka 25.9%, juu ya IRR. Kwa hiyo haipunguzi, inavuta jibu kuelekea riba uliyoiweka. Kwa kuwa wengi wetu tunaona miradi yenye IRR kubwa kuliko riba ya kawaida, tunazoea kuiona ikishuka tu.

#4 MzeeWaAsilimia

Sawa dada nimekubali nusu. Hiyo 30% nitaiona wapi lakini 😂

#5 KichwaKinagoma

Dada asante sana, nimeipiga imetoka 18.3% kweli. Ila nimegundua kitu cha ajabu. Nimebadilisha ile 10% ya kwanza, finance_rate, nikaweka 5%, nikaweka 15%, nikaweka mpaka 40%, jibu halitingishiki hata kidogo. Excel yangu imeharibika au?

#6 DadaWaMakadirio

Haijaharibika. finance_rate kazi yake ni kuzirudisha leo hela zinazotoka miaka ya mbele. Wewe hela yako yote inatoka siku ya kwanza, iko leo tayari, hakuna cha kurudisha. Ungekuwa na matumizi mengine makubwa mwaka wa 2, ungeiona inafanya kazi.

#7 MbishiWaKudumu

Nimesoma toka juu na ninakataa msingi wa uzi mzima. IRR HAIJIFANYI KITU. Haina habari kabisa na hela ikishatoka kwenye mradi, ukaile, ukaichome moto, shauri yako. Hii hadithi ya reinvestment watu wanarithishana tu darasani.

Angalieni A polepole. Umeingiza 1,000. Mwaka mzima inakua kwa 23.375%, inakuwa 1,233.75. Unachukua 500, ndani zinabaki 733.75. Hizo zinakua kwa 23.375% tena, zinakuwa 905.26. Unachukua 500, zinabaki 405.26. Zinakua, zinafika 500 kamili. Unachukua 500, ndani sifuri. Nionesheni ni wapi kwenye hesabu hiyo nimewekeza tena hata senti moja. Hakuna! 23.4% ni faida ya hela iliyobaki NDANI ya mradi, kwa muda iliokaa ndani, basi. Ndiyo maana B inaonekana ndogo lakini inaleta hela nyingi, kwa sababu kule 1,000 nzima imekaa kazini miaka 3 yote, huku A kuanzia mwaka wa pili una mtaji wa 733.75 tu unaofanya kazi, wa tatu 405.26.

Kwa hiyo kosa siyo la IRR, kosa ni la bosi aliyelinganisha asilimia mbili zinazohesabiwa juu ya mitaji isiyolingana.

#8 Kijiwe_cha_Faida

Mbishi leo kaja na bunduki 🔥🔥 nachukua kiti

#9 DadaWaMakadirio

Mbishi hesabu yako ya #7 ni sahihi mstari kwa mstari, sina ugomvi nayo na nimeipenda. Ila hebu malizia. Ukisema "A ni bora kuliko B kwa sababu 23.4 ni kubwa kuliko 20.5", tayari umeshaingiza reinvestment kwa mlango wa nyuma. B inajibu swali la miaka 3. Ili A ijibu swali hilohilo lazima useme zile 500 zilikuwa wapi mwaka wa 2 na wa 3. Namba yenyewe haina dhana, ila kuitumia kulinganisha kuna dhana.

#10 MbishiWaKudumu

Basi tuseme dhana ni ya mlinganishaji. Hapo nitakubali. Lakini msiniambie MIRR "inarekebisha" IRR. MIRR ya A siyo sifa ya mradi A tena, ni mchanganyiko wa mradi A na akaunti yako ya 10%. Mtu mwingine mwenye akaunti ya 4% atapata MIRR nyingine kwa mradi uleule. Huo ni mradi mpya mmeubatiza jina la zamani.

#11 MzeeWaAsilimia

Lakini mradi hauishi peke yake Mbishi, unaishi kwenye kampuni yenye akaunti. Hela ikirudi inarudi kwa nani? Baldwin alishalisema hili tangu 1959, hela ya katikati ihesabiwe kwa riba ya kampuni siyo ya mradi. Na Solomon kabla yake, 1956, kuhusu kulinganisha miradi lazima uulize hela inaenda wapi baadaye.

#12 Kijiwe_cha_Faida

Mzee kumbe unasomaga 👀

#13 Fundi_Spredi

Samahani naingilia, mimi yangu inahusiana kidogo. Nilikuwa na mtiririko wa kila MWEZI, mashine ya kukodisha, miezi 24. Nikaweka reinvest_rate 10% kama mnavyosema hapa, MIRR ikatoka namba ya kutisha, nikaipeleka hivyohivyo mbele ya watu. Aibu yake sitaisahau. Kulikoni? Mpaka leo nahisi MIRR ni ya miaka tu, haifai kwa miezi.

#14 DadaWaMakadirio

Inafaa kwa miezi bila shida, ila haijui kalenda. Kila seli kwake ni kipindi kimoja. Ukiweka 10% na seli ni miezi, umeiambia hela yako inakua 10% KILA MWEZI, ambayo kwa mwaka inazidi mara tatu ya mwanzo. Riba ya 10% kwa mwaka kwa mwezi ni kama 0.8%:

```
=1.1^(1/12)-1
```

Iweke hiyo kwenye zile riba zote mbili. Na jibu litakalotoka nalo ni la mwezi, ongeza 1, pandisha kwa kipeo cha 12, toa 1 ndiyo upate la mwaka. Usizidishe kwa 12 tu.

#15 Fundi_Spredi

Ooooh. Basi nilizidisha kwa 12 pia. Makosa mawili kwenye slaidi moja.

#16 AsiyeNaHaraka

Nimejaribu mfano wa #1 kwenye kompyuta yangu, B inanitolea IRR 75% na MIRR 75%. Nyie 20.5% mmeitoa wapi? Naona hapa ndiyo siri yote ya uzi, B ni 75% na mnabishana bure.

#17 Kijiwe_cha_Faida

75% 😂😂😂 naomba akaunti ya huo mradi

#18 Fundi_Spredi

Hii naijua! Umeacha mwaka wa 1 na wa 2 wazi, siyo? Seli tupu Excel inaziruka kana kwamba hazipo, kwa hiyo imeona -1,000 halafu 1,750 kesho yake, mwaka mmoja, faida 75%. Andika 0 kwenye hizo seli mbili, sifuri yenyewe kabisa, itarudi 20.5%. MIRR nayo inafanya hivyohivyo. Ukiona MIRR na IRR zimefanana kabisa halafu zote ziko juu mno, cha kwanza angalia seli tupu.

#19 AsiyeNaHaraka

Nimeweka sifuri. 20.5%. Nimekaa kimya.

#20 Mchimba_Namba

Mnabishana reinvestment tu, mimi MIRR niliikimbilia kwa sababu nyingine kabisa na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Nafanya kazi kwenye miradi ya machimbo, mwishoni lazima ufukie shimo, hela inatoka tena. Chukueni mfano huu mdogo: leo -1,000, mwaka wa 1 +2,500, mwaka wa 2 -1,560 ya kufukia.

Tafuteni IRR. Iko 20%. Na iko 30%. Zote mbili ni sahihi, jaribuni kwa mkono, thamani ya leo inakuwa sifuri kote kuwili. Excel inakupa moja tu na haikuambii kuna nyingine, ipi utaipata inategemea guess unayoianzishia.

Sasa riba yetu ni 10%. Mtu anaona 20%, anaona 30%, zote ziko juu ya 10, anasema twende. Lakini thamani ya leo kwa 10% ni hasi, karibu -16.5! Mradi unakula hela. MIRR kwa 10% na 10%: ile 1,560 ikirudishwa leo ni 1,289.26, jumlisha 1,000, hela iliyotoka ni 2,289.26. 2,500 ikisukumwa mwaka mmoja mbele inakuwa 2,750. Ukigawa na kutafuta kipeo cha pili unapata 9.6%. Moja tu, iko chini ya 10, mradi ukataliwe. Hapa finance_rate inafanya kazi kweli, KichwaKinagoma jaribu kuibadilisha uone.

#21 KichwaKinagoma

Nimeibadilisha inatingishika mkuu, asante. Kumbe IRR mbili zinawezekana, sikufundishwa hili.

#22 MbishiWaKudumu

Mchimba nakupa heko kwa mfano, ila umejifunga mwenyewe. Umesema MIRR ni "moja tu". Mimi nafanya hivi: mwaka wa 2 hela ya kufukia siirudishi leo, naikata kwenye 2,750 palepale mwisho, zinabaki 1,190. Hela ya mwanzo ni 1,000. Kipeo cha pili cha 1.19 toa 1, napata 9.1%. Hiyo nayo watu wanaiita MIRR. Yenu 9.6, yangu 9.1, riba zilezile 10 na 10. Ipi ndiyo dawa?

#23 Mchimba_Namba

Zote ziko chini ya 10, uamuzi ni uleule. Na kwangu 9.6 inaleta maana kwa sababu hela ya kufukia huwa tunalazimika kuitenga mapema kabisa, siyo kusubiri mwisho.

#24 MbishiWaKudumu

Kama unaitenga leo, sawa. Kama unaitenga kutoka kwenye mapato ya mwaka wa 1, yako siyo sahihi. Namba inafuata mkataba wako.

#25 DadaWaMakadirio

Hapo Mbishi ana hoja na watu wengi hawaijui. Kwenye ripoti andika umetumia njia gani, maana anayesoma atapiga kwa njia nyingine apate namba nyingine aanze kukushuku. Excel inafuata ya Mchimba, hasi zote zinarudi leo, chanya zote zinaenda mwisho.

#26 Kijiwe_cha_Faida

Kwa hiyo MIRR kubwa ndiyo mradi mzuri, tumalize hivyo tulale?

#27 Mchimba_Namba

Hapana, usilale bado. Kuna mradi C: unatoa 100, mwaka wa 3 unapata 190, katikati sifuri. MIRR yake 23.9%, imeipita B ya 20.5%. Lakini thamani ya leo ya C kwa 10% ni karibu 43, ya B ni karibu 315. C ni kitu kidogo kinachokimbia. A na B zililingana vizuri kwa sababu zote zinaanza na 1,000 na zote zinaisha mwaka wa 3. Ukubwa ukitofautiana au miaka ikitofautiana, MIRR inakupoteza kama IRR tu. Angalia NPV, yaani hiyo thamani ya leo.

#28 MzeeWaAsilimia

Sasa kama mwisho wa siku ni NPV, MIRR ya nini jamani. Tumezunguka bandiko 28.

#29 DadaWaMakadirio

Kwa sababu bosi wa KichwaKinagoma anaongea lugha ya asilimia, Mzee. Ukimpelekea NPV ya A 243 kwa ya B 315 atakuuliza "ni asilimia ngapi". Ukimpelekea 18.3 kwa 20.5 anaelewa papo hapo.

#30 KichwaKinagoma

Ndiyo kabisa, ndivyo alivyo 😅 Leo nimempelekea. Kaniangalia kaniuliza swali moja tu: "na kama hizo 500 tukizirudisha kwenye biashara yetu wenyewe badala ya kuziweka kwa 10%, A haitashinda?" Nikakosa jibu. Nimerudi hapa.

#31 DadaWaMakadirio

Swali zuri kuliko yetu yote humu. Tafuta riba ambayo A inafikia 1,750. Yaani 500 iliyokaa miaka 2, jumlisha 500 iliyokaa mwaka 1, jumlisha 500, iwe 1,750. Nimeipiga inatoka 15.8%. Kama biashara yenu inaweza kumeza 500 mwaka wa 1 na nyingine mwaka wa 2, na zikaleta zaidi ya 15.8% kweli, bosi yuko sahihi na A ichukuliwe. Chini ya hapo ni B. Mwambie asikupe matumaini, akupe ni kazi gani hiyo hela itaenda kufanya.

#32 MbishiWaKudumu

Na hapo ndipo nilipokuwa tangu #7. Swali siyo mradi, swali ni hela ikitoka inaenda wapi.

#33 MzeeWaAsilimia

Si ndicho nilichosema #2 😏

#34 Mchimba_Namba

Nina wasiwasi na hiyo "biashara yetu inaleta 15.8". Kila idara ukiiuliza inaleta 20. Mimi ningeshika gharama ya mtaji wa kampuni niache hizo hadithi.

#35 Fundi_Spredi

Mimi ningeshika riba ya akiba baada ya kodi, maana hela ikirudi kwetu huwa inakaa tu inasubiri kikao.

#36 KichwaKinagoma

Nimemtumia 15.8. Kajibu "nitafikiria". Uhasibu wanasema gharama ya mtaji ni 12, mauzo wanasema wao wanaleta 22. Kesho kikao tena.

#37 AsiyeNaHaraka

Kabla ya kikao angalia seli tupu mkuu.